Sura ya Saba: Mistari Ikutane Ubavuni

Chukua sweta yoyote ya mistari iliyofumwa kwa mkono, igeuze ubavu, uangalie pale kifua kinapokutana na mgongo. Kama mstari wa buluu wa mbele unaingia kwenye mstari wa buluu wa nyuma bila kuvunjika, ujue aliyeishona alihesabu. Kama umepanda au umeshuka kwa safu moja tu, jicho litaona kutoka ng'ambo ya barabara, hata jicho la mtu ambaye hajawahi kushika sindano ya kufumia. Kwenye sweta ya rangi moja kosa hilo hufichika. Kwenye mistari hakuna pa kulificha.

Wapo wafumaji wanaoukwepa mshono kabisa. Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kufanya kazi yake kubwa Marekani, aliwafundisha watu wengi kufuma sweta kwa mzunguko, kiwiliwili kizima kwa mara moja bila ubavu wa kushona, na kwa sweta ya rangi moja simpingi hata kidogo. Lakini ukifuma kwa mzunguko hakuna safu inayokamilika. Uzi unapanda polepole, na unapofika ulikoanzia unakuta uko juu ya mwanzo wake kwa safu moja. Ukibadilisha rangi hapo, mwisho wa mstari hautakutana na mwanzo wake. Ziko mbinu za kuupunguza mruko huo, ila mtu anayejua pa kutazama ataukuta. Ukifuma vipande bapa, mbele peke yake na nyuma peke yake, kila safu inaanza ukingo mmoja na kuishia ukingo wa pili, imekamilika. Mistari inaweza kukutana sawasawa, mradi anayeunganisha vipande ajue anaunganisha nini na nini.

Mshono unaoifanya kazi hii ni mshono wa godoro. Hushonwa vipande vikiwa vimelazwa kando kwa kando, sura zote mbili zikitazama juu, kwa hiyo kila unapochoma sindano unaona rangi ya pande zote mbili. Mshono wa kurudi nyuma, ambao wengi wetu tulifundishwa kwanza, hushonwa sura zikitazamana ndani, na fundi haoni matokeo mpaka ageuze sweta. Kwa mistari, huko ni kushona gizani.

Sasa tazama ukingo wa kipande chako. Nguzo ya kwanza ya vitanzi, ile ya pembeni kabisa, huwa haivutii: kitanzi kimoja kimelegea, kinachofuata kimebana, na ukingo wote unataka kujikunja kuelekea ndani. Usiitazame hiyo. Shika nguzo ya kwanza kwa kidole gumba na nguzo ya pili kwa kidole gumba cha mkono mwingine, uzitenganishe taratibu. Katikati yake utaona nyuzi fupi zilizolala, moja juu ya nyingine, kama vipandio vya ngazi. Hivyo ndivyo vitu unavyovishona. Kila safu uliyofuma imeacha kipandio kimoja tu, na kipandio hicho kina rangi ya safu yake. Safu sita za buluu zina vipandio sita vya buluu. Sindano ikipita chini ya kipandio kimoja kushoto, kisha kipandio kimoja kulia, safu inaoana na safu, na rangi inaifuata. Nguzo ya pembeni ya kila kipande inageuka na kuingia ndani, pamoja na ubaya wake wote, na nguzo za pili zinakutana uso kwa uso.

Kwa hiyo swali la mistari kukutana huamuliwa kwa hesabu ya safu, wala si kwa futi ya kupimia. Mtu akifuma nyuma leo akiwa ametulia na mbele kesho akiwa na haraka, sentimita 24 za kipande kimoja zinaweza kuwa safu 72 na za kingine safu 70. Ukipima kwa futi vipande vitalingana urefu, na mistari itapishana. Ukihesabu safu, vitatofautiana urefu kwa kiasi ambacho maji na pini vitakirekebisha, na mistari itakutana. Mimi hufunga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye ukingo kila baada ya mistari miwili, ili hesabu isitegemee kumbukumbu.

Tuchukue sweta moja tuifuate mpaka mwisho. Ni ya mtoto wa miaka sita au saba, ya kuvaliwa asubuhi ya Julai huko Njombe au Limuru, kwa uzi wa akriliki wa unene wa kati na sindano za milimita 4. Mfumo wake ni vitanzi 22 na safu 30 kwa kila sentimita 10. Nyuma inaanzishwa kwa vitanzi 78, na mbele vivyo hivyo. Chini kuna pindo la kuvutika la safu 14, vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, likianza kwa viwili vya mbele na kuishia kwa viwili vya mbele. Halafu inakuja mistari: safu sita za buluu, safu sita nyeupe, mpaka kwapani zitimie safu 72, yaani mistari 12. Kuanzia hapo kipande kinaendelea kupanda wima, bila kupunguza kitanzi kwa ajili ya mkono, kwa safu nyingine 45. Pale kwapani weka alama ya uzi kila ukingo.

Namba 78 haikuchaguliwa kwa bahati. Mshono utameza kitanzi kimoja kila ukingo, hivyo kila kipande kitabaki na vitanzi 76 vinavyoonekana, karibu sentimita 34 na nusu. Kwenye pindo, vile vitanzi viwili vya mbele vya pembeni vitabaki kimoja kila upande. Kimoja cha mbele ya sweta kikikutana na kimoja cha mgongo vinakuwa viwili, na pindo linaendelea kuzunguka mwili kama halijawahi kukatwa. Ukianzisha kwa vitanzi 76, pindo likianza kwa viwili vya mbele na kuishia kwa viwili vya nyuma, mshono utaacha kimoja cha mbele kando ya kimoja cha nyuma, na hapo utaratibu wa pindo utavunjika mbele ya macho ya kila mtu. Ni jambo la kuamuliwa siku ya kuanzisha vitanzi. Siku ya kushona limeshapita.

Kuna jambo lingine la kuamua mapema. Mwanafunzi mmoja aliniletea vipande vyake akiwa amekereka. "Mwalimu, nimehesabu mara mbili, safu ni sawa, lakini ubavu umejikunyata." Nilivigeuza upande wa ndani. Alikuwa hakati uzi anapobadilisha rangi. Aliupandisha ukingoni mpaka mstari mwingine wa rangi ile, jambo ambalo ni halali na linapunguza ncha za kuficha. Lakini aliuvuta. Na kwa kuwa rangi hubadilishwa mwanzoni mwa safu ya sura, nyuzi zote za kupandisha zilikuwa ukingo wa kulia wa kila kipande kikitazamwa usoni. Ukiweka mbele na nyuma pamoja, ukingo wa kulia wa kimoja hukutana na ukingo wa kushoto wa kingine. Maana yake kila ubavu unaunganisha ukingo uliobanwa na ukingo ulio huru. Hesabu inaweza kuwa safi kabisa na bado kitambaa kikalalamika.

Dawa ni kulaza uzi unaopanda bila kuuvuta, na kuuzungusha mara moja na uzi unaofumia kila baada ya safu mbili ili usiachie kitanzi kirefu kinachoning'inia. Kwa mistari mipana zaidi ya safu sita mimi hukata uzi kila rangi, nikiacha ncha ya sentimita 12 hivi. Ncha nyingi, ndiyo, lakini mshono wa ubavu una nafasi ya kuzimeza zote. Kabla ya kushona, vuta kidogo kila ncha mpaka kitanzi cha kwanza cha rangi mpya kilingane na wenzake, maana hicho ndicho hulegea kuliko vyote, na kipandio chake hupotea kirahisi.

Kisha vipande vipate maji. Akriliki ambayo haijaloweshwa na kulazwa hujikunja ukingoni kiasi kwamba vipandio vinajificha. Lowesha, kamua kwa kukandamiza ndani ya taulo bila kusokota, tandaza juu ya taulo kavu kivulini, na ubane kwa pini zisizoshika kutu. Laza mbele juu ya nyuma, mistari juu ya mistari, uvute kile kilicho kifupi mpaka kilingane. Pasi ya moto usiiguse: akriliki ikipata joto kali hulegea na kung'aa, na hairudi tena ilivyokuwa.

Mabega hushonwa kwanza, kisha mikono huungwa, kisha ubavu. Lakini naanza na ubavu kwa maelezo, kwa kuwa ndiko mshono wenyewe unaeleweka kwa urahisi. Bega lina sheria yake.

Tafuta sindano ya kushonea sufi, yenye tundu kubwa na ncha butu. Sindano kali hupasua uzi badala ya kupita chini yake, na mshono uliopita katikati ya uzi haufumuki bila kuharibu. Uzi wa kushonea uwe ule ule wa sweta, rangi moja kwa ubavu wote. Ukiwa umevutwa sawasawa hauonekani, kwa hiyo huhitaji kubadilisha kila mstari. Kati ya buluu na nyeupe, shona mistari miwili ya kwanza kwa buluu, utanue mshono mchana kwenye mwanga, uone kama buluu inachungulia kwenye nyeupe. Kama inachungulia, fumua ujaribu nyeupe. Ubavu wetu una karibu sentimita 29 pamoja na pindo. Uzi unapanda pande zote mbili, kwa hiyo unahitaji mara mbili ya urefu huo na ziada ya kushika mwanzo na mwisho. Sentimita 80 zinatosha. Mrefu kuliko huo utachakaa kwa kupita chini ya vipandio vyote hivyo.

Laza vipande sura juu, pindo likiwa karibu nawe. Ikiwa ulipoanzisha vitanzi uliacha ncha ndefu, tumia hiyo. Pitisha sindano kutoka chini kuja juu kwenye pembe ya kipande cha pili, kisha irudi, tena kutoka chini kuja juu, kwenye pembe ya kipande cha kwanza. Uzi umechora namba nane. Ukiuvuta, pembe mbili zinakuwa usawa mmoja na lile pengo linalopenda kubaki chini ya ubavu linafungwa.

Sasa panda. Kipandio kimoja kushoto, kipandio kimoja kulia. Kila unaporudi upande mmoja, sindano iingie pale pale ilipotokea mara ya mwisho upande huo, ipite chini ya kipandio kinachofuata, itoke. Usivute bado. Uache uzi umelegea, ukionekana kama zigizaga kati ya vipande viwili, kwa sentimita tatu hivi. Halafu shika mshono kwa mkono mmoja na uvute uzi kwa mwingine kuelekea juu, uelekeo wa mshono wenyewe. Ukiuvuta kukujia wewe utapinda vitanzi. Kingo zitasogeleana, zitajigeuza, uzi utapotea. Hapo hapo shika mshono juu na chini uutanue. Unatakiwa kunyumbuka kama kitambaa kilicho pembeni yake. Ukikataa, umevuta mno, na sweta hii itavaliwa na mtoto anayepanda miti.

Pindo lina vipandio 14 kila upande. Hivyo kipandio cha 15 kinatakiwa kuwa cha kwanza cha buluu, kushoto na kulia. Hapa ndipo pa kusimama na kutazama. Sheria ninayoishika ni hii: sindano haiingii rangi mpya upande mmoja kama upande wa pili bado una hata kipandio kimoja cha rangi ya zamani. Baada ya kila safu sita unapewa nafasi ya kujihakiki, na hakuna mshono mwingine unaomsaidia fundi hivyo. Mtu anayeshona sweta ya rangi moja akiruka kipandio cha 20 atagundua kwapani, kipande kimoja kikiwa kimebaki kirefu, asijue kosa liko wapi. Wewe utagundua ndani ya mstari ule ule, na kufumua kwako hakuzidi safu sita. Ili sheria isisahaulike, bana pini mahali kila mstari mweupe unapoanza, mbele kwa nyuma, kabla hujachoma sindano ya kwanza.

Watu huniuliza kama inafaa kuchukua vipandio viwili kwa mkupuo. Inafaa kwenye uzi mwembamba, na mshono unakuwa laini zaidi. Mstari wa safu sita unagawanyika mara tatu sawasawa. Mstari wa safu tano haugawanyiki, na mtu anayechukua viwili viwili bila kufikiri atabeba kipandio cha mwisho cha buluu pamoja na cha kwanza cheupe. Akifanya hivyo upande mmoja tu, mistari imeshaachana. Kwa uzi wa unene huu nachukua kimoja kimoja, hata kama inachukua muda.

Ikitokea kwamba mstari mmoja wa mbele una safu saba na mwenzake wa nyuma sita, kwa sababu hesabu iliponyoka siku ya kufuma, usifumue kipande. Katikati ya mstari huo, mbali na mipaka yake ya rangi, chukua vipandio viwili kwa pamoja upande wa mbele na kimoja upande wa nyuma. Mstari utaanza sawa na kuisha sawa, na unaofuata utakuwa salama. Safu mbili za ziada bado zinabebeka kwa kufanya hivyo mara mbili, zikiwa zimeachana. Zikizidi hapo kitambaa kitavimba upande mmoja, na hakuna ujanja wa sindano ya kushonea utakaokifanya kilale. Rudi kwenye sindano za kufumia.

Ukifika kwenye alama ya kwapani utakuwa umepita vipandio 86 kila upande. Pima mshono, kisha pima kitambaa katikati ya mgongo, kutoka chini ya pindo hadi usawa wa kwapa. Zikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, mshono umebana; tanua tena, na usipotii, fumua kuanzia pale ulipoanza kukaza mkono.

Turudi begani. Pale ubavuni vipandio hukutana na vipandio. Begani vitanzi hukutana na vitanzi, kichwa kwa kichwa, kwa kuwa mbele imepanda kutoka pindoni na nyuma imepanda kutoka pindoni, na zote zimeishia juu kwa kufungwa. Kwa hiyo mistari haivuki mshono, inakwenda sambamba nao, na swali linakuwa jingine: mshono utaangukia wapi ndani ya mstari?

Hesabu yetu ilikuwa safu 72 mpaka kwapani na 45 baada ya hapo, jumla 117. Mistari 19 ya safu sita ni safu 114, na ya 19 ni ya buluu. Zinabaki safu tatu, nyeupe. Mbele ina safu tatu nyeupe juu kabisa, nyuma ina tatu, na zikiunganishwa kuna mstari mweupe mmoja wa safu sita umelala juu ya bega, buluu mbele yake na buluu nyuma yake, kwa umbali sawa. Mtu asiyepanga hivi, akamaliza vipande vyote viwili kwa mstari mzima mweupe, atapata begani ukanda wa safu 12, upana mara mbili ya mistari mingine. Nimeiona kwenye sweta nyingi zilizofumwa vizuri sana, na kila mara mwenye sweta alidhani ameharibu mshono. Mshono ulikuwa sawa. Ilibidi akate shauri safu tatu mapema.

Shingo ya mbele inakatwa chini kuliko ya nyuma, lakini hilo halibadilishi hesabu: kila bega la mbele lifike safu ya 117. Kagua mabega yote mawili ya mbele kila moja peke yake. Hufumwa kwa nyakati tofauti, uzi ukikatwa na kuungwa upya shingoni, na moja hupenda kupata safu mbili ambazo mwenzake hana. Kila bega lina vitanzi 25, na shingo inabaki na 28. Funga vitanzi kwa uzi mweupe, kwa mkono uliolegea, na ushone kwa uzi mweupe.

Laza mbele karibu nawe na nyuma mbali nawe, kingo zilizofungwa zikigusana, sura juu. Mbele, kila kitanzi chini ya mnyororo wa kufungia kina umbo la herufi V, ncha yake ikikuelekea. Pitisha sindano chini ya miguu yote miwili ya V ya kwanza, kuanzia upande wa mkono. Sasa nenda nyuma. Huko vitanzi viko juu chini, na hapa wengi hukosea: miguu ya vitanzi viwili vilivyo jirani nayo hutengeneza umbo la V, na jicho lililozoea V huikamata hiyo. Ukiifuata utakuwa umeunganisha nusu ya kitanzi kimoja na nusu ya kingine, nguzo za mbele na za nyuma zitapishana kwa nusu kitanzi, na shingoni utabaki na nusu isiyo na mwenzake. Kitanzi kizima cha nyuma, kikitazamwa kutoka ulipokaa, ni V iliyopinduliwa, ncha yake ikiwa mbali nawe. Pitisha sindano chini ya miguu hiyo miwili inayokutana, kisha rudi mbele, uingie pale ulipotokea.

Kitanzi kwa kitanzi, 25 kwa 25. Vuta kila baada ya vitanzi vinne au vitano, mpaka minyororo miwili ya kufungia igeuke ndani na uzi usionekane tena, kisha uache hapo. Bega linabeba uzito wa mikono yote miwili na mwili wa sweta, hivyo mshono huu uwe imara kuliko wa ubavu, na ile minyororo iliyoingia ndani ndiyo inayolizuia bega lisirefuke kuelekea kiwiko. Lakini ukikaza mpaka bega lijikunje, mstari mweupe utapinda katikati. Vitanzi 25 kwa mfumo wetu ni sentimita 11 na kidogo. Pima mshono, kama umeshuka hadi 10, legeza.

Bega hili ni la moja kwa moja. Bega linaloteremka, ambalo vitanzi hufungwa kwa awamu, nalo linaweza kukutanisha mistari, ila mistari ya mbele na ya nyuma itakutana ikiwa imeinama kama paa la nyumba. Itakutana sawa mradi awamu za kufunga ziwe zile zile mbele na nyuma, kwenye safu zile zile. Ziko pia sweta ambazo mshono wa bega husogezwa mbele kidogo kwa makusudi, nyuma ikiwa na safu nyingi kuliko mbele. Hapo upange mistari ikutane ubavuni mpaka kwapani, na begani ukubali rangi zikutane zinavyokutana. Na mkono unapoungwa na kiwiliwili, vitanzi hukutana na safu, vitanzi vitatu kwa safu nne kwa mfumo huu, na mistari haiwezi kuendelea kutoka kimoja kwenda kingine. Usihangaike nayo.

Zilizobaki ni ncha. Geuza sweta ndani. Zile ncha za buluu na nyeupe zilizojipanga ubavuni, pitisha kila moja kwa sindano kupanda ndani ya unene wa mshono, za buluu nyuma ya mstari wa buluu, za nyeupe nyuma ya mweupe, kwa sentimita nne, kisha geuka urudi sentimita mbili. Tanua mshono kabla ya kukata, ili ncha ijivute mpaka inapotaka kufika, na uache sentimita moja ikining'inia ndani. Akriliki inateleza, na ncha iliyokatwa fupi kabisa hutokeza upande wa sura baada ya kufuliwa mara chache, hasa pale pembe ya kwapani mtoto anaponyoosha mkono.